Pembenne ya duarani na tanjenti: upitie mzingoni, kitovuni au kwenye kipande cha pili?

Swali la duara lenye pembenne ndani na tanjenti chini yake huwakwamisha wanafunzi wengi wa S.4, mwaka wa nne wa sekondari nchini Uganda, mahali pamoja. Kanuni wanazijua, tena wanaweza kuzitaja usingizini: pembe zinazokabiliana hujumlika kuwa 180°, tanjenti na nusukipenyo hukutana kwa 90°, na kadhalika. Wasichokijua ni waanze na ipi. Tangu mtihani wa UCE, ule wa kumaliza S.4, wa mwaka 2024, ulio wa kwanza kwa mtaala ulioanza 2020, jambo hilo limezidi kuwa zito, kwa sababu maswali huja yamevikwa hali fulani ya maisha na mwanafunzi ndiye anayechagua kanuni ya kutumia.

Kwa hiyo nitachukua mchoro mmoja tu na kuupitia kwa njia tatu. Ya kwanza inabaki kwenye mzingo na kutumia pembenne yenyewe. Ya pili inapita kitovuni, kwa kutumia nusukipenyo na pembe mraba iliyopo pale tanjenti inapogusa. Ya tatu inatumia kanuni ya kipande cha pili, ambayo walimu wengi huifundisha mwisho na wanafunzi wengi huiogopa bila sababu. Namba ni zile zile katika njia zote, ili uone wewe mwenyewe kila njia inagharimu nini na inakupa nini.

Mchoro wenyewe

Chukua bikari, uifungue sentimita 5, uchore duara lenye kitovu O. Chini kabisa ya duara weka nukta A, na kupitia A chora mstari wa kulala unaoligusa duara hapo tu. Hiyo ndiyo tanjenti. Mwisho wake wa kushoto uite P, wa kulia Q. Sasa weka kipimapembe kwenye O. Kutoka OA pima 76° kwenda kushoto, uweke nukta B kwenye mzingo. Kutoka OA tena pima 120° kwenda kulia, uweke D. Nukta C iweke popote juu, kati ya B na D. Unganisha A, B, C na D, na uchore pia mstari BD.

Ukiwa umechora vizuri, AB itakuwa kama sentimita 6.2, AD kama 8.7, na BD kama 9.9. Zikitofautiana zaidi ya milimita mbili, rudia kupima pembe pale kitovuni kabla ya kuendelea.

Mwenye swali hatakupa pembe za kitovuni tulizotumia kuchora. Atakuambia hivi: ABCD ni pembenne iliyo ndani ya duara. PAQ ni tanjenti inayoligusa duara kwenye A. Pembe PAB ni 38° na pembe BCD ni 98°. Tafuta pembe DAQ, ABD na ADB.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia nitaiuliza mambo manne. Inahitaji nini ili ianze? Kwenye swali hili inakwendaje, hatua kwa hatua? Inakwama au kupotosha wapi, na utajuaje? Halafu, inamfaa nani?

Kasi sikuiweka peke yake kama kigezo. Njia fupi ikikosewa katika hatua yake moja huna mahali pa kuligundulia kosa, na njia ndefu hukupa pembe za kujikagulia njiani. Hayo mawili yanapimwa pamoja.

Njia ya kwanza: kubaki mzingoni

*Inachohitaji.* Inahitaji nukta nne, zote zikiwa juu ya mzingo, na walau pembe moja ya pembenne hiyo iwe inajulikana. Haihitaji kitovu kabisa. Hata O asipochorwa, njia hii inafanya kazi.

Sababu yake inafaa uielewe, kwa kuwa ndiyo itakayokulinda na makosa tutakayoyaona mbele. Pembe iliyo mzingoni ni nusu ya pembe ya kitovuni inayosimama juu ya tao lile lile. Pembe BCD inasimama juu ya tao linalotoka B kupita A hadi D. Pembe BAD, iliyo mkabala wake, inasimama juu ya tao lililobaki, linalotoka B kupita C hadi D. Matao hayo mawili yakiunganishwa ni duara zima, na duara zima pale kitovuni ni 360°. Nusu yake ni 180°. Hiyo ndiyo maana pembe zinazokabiliana hujumlika kuwa 180°.

*Inavyokwenda.* Pembe BAD iko mkabala wa BCD, kwa hiyo ni 180° − 98° = 82°. Kisha angalia mstari PAQ. Ni mstari mnyoofu, na pale A umegawanywa pembe tatu: PAB, BAD na DAQ. Kwa hiyo DAQ = 180° − 38° − 82° = 60°. Hatua mbili na jibu la kwanza limepatikana.

*Inapokwama.* Inakwama hapo hapo. Kwa ABD na ADB, njia hii inaweza kukuambia tu kwamba zikijumlishwa ni 98°, maana pembetatu ABD ina 82° tayari. Kuzitenganisha haiwezi. Haina namna ya kuichukua 38° ya tanjenti na kuiingiza ndani ya duara. Mwanafunzi asiyelijua hilo huhangaika dakika kumi akizunguka pembetatu ile ile, na wengine hukata 98° katikati na kuandika 49° kila upande. Hilo lingekuwa sahihi kama AB na AD zingelingana urefu, lakini umeshapima: moja ni 6.2 na nyingine 8.7.

Kuna mtego mwingine ambao mchoro wako unaweza kukuonyesha. Sogeza C kidogo kuelekea B, upime upya. Pembe BCD inabaki 98° popote uiwekapo C kati ya B na D, lakini ABC na ADC zinabadilika. Ukiweka C mahali ambapo pembe BOC ni 60°, ABC inakuwa 112° na ADC inakuwa 68°. Ukiisogeza, zinakuwa nyingine, ingawa jumla yake inabaki 180°. Maana yake, kwa taarifa za swali letu, pembe ABC haipatikani kwa njia yoyote, iwe hii au nyingine. Ukijiona unatafuta pembe inayobadilika C ikisogea, umetoka nje ya swali.

*Inamfaa nani.* Mwenye mchoro usio na kitovu, mwenye pembe mbili zinazokabiliana, na anayetafuta pembe za nje zilizo kwenye mistari minyoofu. Pia mwanafunzi anayechanganyikiwa mchoro ukijaa mistari, maana njia hii haiongezi mstari hata mmoja.

Njia ya pili: kupitia kitovuni

*Inachohitaji.* Inahitaji kitovu, au ruhusa ya kukichora, na nukta ya mguso inayojulikana. Kisha unachora nusukipenyo kwenda kwenye kila nukta inayohusika: OA, OB na OD.

Kwa nini tanjenti na nusukipenyo vikutane kwa 90°? Fikiria gurudumu la bodaboda lililosimama kwenye barabara tambarare. Umbali mfupi kuliko wote kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani ni ule unaoshuka wima mpaka pale tairi linapogusa. Nukta nyingine yoyote ya barabara iko nje ya tairi, kwa hiyo iko mbali zaidi na katikati. Ndivyo ilivyo kwa tanjenti: kila nukta yake isipokuwa A iko nje ya duara, hivyo OA ndiyo njia fupi kutoka O hadi kwenye mstari PAQ, na njia fupi kutoka nukta hadi mstari ni ile inayoukuta kwa pembe mraba.

*Inavyokwenda.* Anza kwenye A. Pembe OAP ni 90° na PAB ni 38°, kwa hiyo OAB ni 52°. OA na OB ni nusukipenyo, zinalingana, basi OAB ni pembetatu pacha na pembe OBA nayo ni 52°. Pembe AOB ni 180° − 52° − 52° = 76°. Ni ile ile tuliyoipima wakati wa kuchora, na inapendeza kuiona ikijitokeza yenyewe.

Sasa ingiza 98°. Pembe BCD iko mzingoni, kwa hiyo pembe ya kitovuni juu ya tao lake ni mara mbili, yaani 196°. Hapa tulia kidogo. C anatazama upande wa A, kwa hiyo 196° ni ile pembe ya kitovuni iliyo upande wa A, inayozidi 180°. Pembe BOD ya upande wa C ni 360° − 196° = 164°. Pembetatu OBD ni pacha vilevile, basi OBD na ODB kila moja ni nusu ya 16°, yaani 8°.

Bado AOD. Kwenye upande ule wa 196°, AOB imechukua 76°, kwa hiyo AOD ni 120°. Pembetatu OAD ni pacha, basi OAD na ODA ni 30° kila moja.

Sasa unakusanya. ABD ni OBA na OBD pamoja: 52° + 8° = 60°. ADB ni ODA na ODB pamoja: 30° + 8° = 38°. DAQ ni pembe mraba OAQ ukitoa OAD: 90° − 30° = 60°. Majibu yote matatu yamepatikana, na ukiangalia pembetatu ABD una 82°, 60° na 38°, jumla 180°.

*Inapokwama.* Njia hii haikwami, lakini inapotosha mahali patatu.

Pa kwanza ni pale pa 196°. Wengi huandika BOD = 196° upande wa C, au huchukua 98° na kuiweka kitovuni bila kuizidisha. Dalili iko kwenye C mwenyewe: pembe ya mzingoni inayozidi 90° inasimama juu ya tao kubwa kuliko nusu ya duara. C ana 98°, kwa hiyo tao lililo mbali naye lazima lizidi 180°. Jambo hilo likaguliwe kabla ya hesabu yoyote.

Pa pili ni macho. Katika mchoro wetu BD inapita karibu sana na O, na mwanafunzi aliyechora kwa haraka ataona BOD kama mstari mmoja mnyoofu. Ataandika kwamba BD ni kipenyo, kisha BAD ni 90°, na kila kitu baada ya hapo kitaharibika. Kipenyo cha duara letu ni sentimita 10 na BD ni 9.9. Ni milimita moja tu ya tofauti, na jicho haliwezi kuitetea. Usiseme mstari ni kipenyo mpaka swali liseme, au mpaka pembe zikuthibitishie. Hapa zinakataa, maana BCD ingekuwa 90° na swali limesema 98°.

Pa tatu ni kujumlisha na kutoa. Tulijumlisha 52° na 8° kwa sababu O iko ndani ya pembetatu ABD. Kama mchoro ungekuwa mwingine na O ikaangukia nje ya pembetatu hiyo, moja ya pembe hizo ingetolewa badala ya kuongezwa. Namna ya kujua ni kuangalia pembe za pembetatu yenyewe: zote zikiwa chini ya 90°, kitovu kiko ndani, moja ikizidi 90°, kitovu kiko nje, ng'ambo ya upande unaoikabili pembe hiyo.

*Inamfaa nani.* Anayeulizwa pembe za kitovuni moja kwa moja, maana njia nyingine itamlazimu arudi huku mwishoni. Pia anayetaka kuelewa kwa nini kanuni ni kweli, kwa kuwa hapa hakuna kinachokaririwa zaidi ya pembe mraba, pembetatu pacha na pembe ya kitovuni kuwa mara mbili. Na ni njia nzuri kwa mwenye kusahausahau, akisamehe urefu wake.

Njia ya tatu: kipande cha pili

*Inachohitaji.* Tanjenti, na ukambaa unaoanzia pale pale tanjenti inapogusa. Ukambaa ni mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili za mzingo, kama AB au AD. Kila ukambaa hulikata duara vipande viwili. Kanuni inasema: pembe kati ya tanjenti na ukambaa inalingana na pembe ya mzingoni inayotazama ukambaa huo kutoka kwenye kipande cha upande wa pili.

Ukiiandika pembe PAB kama x, njia ya kitovuni inakuonyesha sababu kwa mistari mitatu. OAB ni 90° − x. AOB ni 180° ukitoa mara mbili ya hiyo, yaani 2x. Pembe ya mzingoni ni nusu yake, yaani x. Kwa hiyo njia ya tatu ni njia ya pili iliyofupishwa, na atakayeisahau katikati ya mtihani anaweza kuijenga upya pembeni mwa karatasi.

*Inavyokwenda.* Ukambaa AB una 38° upande wa tanjenti. Basi ADB = 38°. Jibu moja, hatua moja. Kisha BAD = 82° kutokana na pembenne, DAQ = 60° kutokana na mstari mnyoofu, na ukambaa AD unatupa ABD = 60° mara moja.

Lakini njia hii ina zawadi zaidi. Chora ulalo AC. Pembe ACB inatazama ukambaa AB kutoka kipande kile kile cha D, kwa hiyo nayo ni 38°. Pembe BCD yote ni 98°, basi ACD ni 60°, na kwa kanuni ile ile DAQ ni 60°. Hukutumia kabisa kanuni ya pembe zinazokabiliana. Tazama sasa kilichotokea: pale A mstari mnyoofu umegawanyika 38°, 82° na 60°, na pale C kuna 38° na 60°. Pembe za C ni zile zile mbili za pembeni zilizoko A, na iliyobaki katikati ni BAD. Ndiyo maana BAD na BCD zinajumlika kuwa 180°. Tanjenti imekuthibitishia kanuni ya pembenne bila kupita kitovuni. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa mchoro huu.

*Inapokwama.* Haiwezi kuanza kama tanjenti haipo, au kama ukambaa hauanzii kwenye nukta ya mguso. BD haigusi A, kwa hiyo kanuni hii haina la kusema juu ya BD.

Kosa lake kubwa ni kuchagua pembe isiyo yake. Mwanafunzi anaona 38° iko kushoto, anaiandika kwenye ABD kwa sababu nayo iko kushoto na iko karibu. Dawa yake ni herufi. Ukambaa ni AB. Pembe unayoitafuta lazima ianze na A na iishie na B, na katikati iwe herufi nyingine: A-D-B, A-C-B. ABD ina B katikati, kwa hiyo si yake. Kwa ukambaa AD, zinazokubalika ni A-B-D na A-C-D. Jaribio hili linachukua sekunde chache, na huyanasa makosa mengi ya kanuni hii.

*Inamfaa nani.* Anayeona pembe kati ya tanjenti na ukambaa imetolewa, au imeulizwa, na kitovu hakikutajwa. Na aliyezoea kusoma pembe kwa herufi tatu bila kusitasita. Asiyezoea atafute mazoezi kwanza, maana ufupi wake haumpi pembe nyingine za kujikagua nazo.

Njia zinapopishana: tanjenti mbili

Kuna mchoro wa pili ambao lazima tuuguse, kwa sababu ndipo njia ya kwanza na ya pili huchanganywa vibaya zaidi. Kutoka nukta T iliyo nje ya duara, tanjenti mbili zinaligusa duara kwenye M na N. Pembe MTN ni 48°. K ni nukta kwenye tao kubwa, L ni nukta kwenye tao dogo lililo upande wa T. Tafuta MKN na MLN.

Kitovuni: OMT na ONT ni 90° kila moja. Pembenne OMTN ina jumla ya 360°, kwa hiyo MON ni 360° − 90° − 90° − 48° = 132°. MKN ni nusu yake, 66°. K, M, L na N zote ziko mzingoni, basi MLN ni 180° − 66° = 114°.

Kwa kipande cha pili: TM na TN zinalingana, basi pembe TMN ni nusu ya 132°, yaani 66°. Ni pembe kati ya tanjenti na ukambaa MN, kwa hiyo MKN ni 66° papo hapo.

Sasa kosa. Mwanafunzi anaona O, M, L, N zimetengeneza pembenne, anakumbuka 180°, anaandika MLN = 180° − 132° = 48°. Pembenne OMLN haiko kwenye mzingo, kwa sababu O ni kitovu. Kanuni inadai nukta zote nne ziwe juu ya mzingo mmoja, na O haimo. Dalili ya kosa ni rahisi: L iko kwenye tao dogo, kwa hiyo inatazama tao kubwa, na pembe yake lazima izidi 90°. 48° haiwezekani.

Cha kushangaza ni kwamba OMTN, ile yenye tanjenti mbili, ina haki ya kutumia kanuni ya pembenne, ingawa O na T haziko kwenye duara letu. Pembe za M na N ni 90° kila moja, jumla 180°, kwa hiyo nukta hizo nne ziko kwenye duara jingine, ambalo OT ni kipenyo chake. Ukilitambua duara hilo, MON ni 180° − 48° = 132° kwa hatua moja. Weka ncha ya bikari katikati ya OT, uifungue hadi O, uzungushe. Itapita M na N.

Uchague ipi, kulingana na swali lililo mbele yako

Ukipewa pembe za pembenne tu, na tanjenti haipo au inahusika kwa mstari mnyoofu peke yake, baki mzingoni. Usichore nusukipenyo ambazo hazijaombwa.

Herufi O ikitajwa kwenye swali, iwe kwa pembe ya kitovuni au kwa nusukipenyo kilichochorwa tayari, pita kitovuni. Mwenye swali amekupa O kwa makusudi. Chora nusukipenyo zote kwa penseli nyepesi na weka alama za mistari inayolingana kabla ya kuandika namba yoyote.

Ukiona namba imekaa kati ya tanjenti na ukambaa, na O hayumo, anza na kipande cha pili, kisha umalize na pembenne. Kwa swali letu la kwanza mchanganyiko huo ndio ninaouona mwepesi kuliko yote: hatua nne, majibu matatu. Lakini kama kanuni hiyo hujaizoea na mtihani ni wiki ijayo, kitovuni kutakufikisha pale pale, kwa kalamu zaidi.

Kwa tanjenti mbili kutoka nje, angalia kwanza unaulizwa nini. Pembe ya kitovuni: tumia pembe mbili mraba. Pembe ya mzingoni peke yake: tumia pembetatu pacha TMN na kipande cha pili.

Vyovyote utakavyochagua, andika sababu kando ya kila hatua, si mwisho wa hesabu. Kwa DAQ katika njia ya kwanza, sababu ni mbili tofauti, moja ya 82° na nyingine ya 60°, na anayesahihisha hawezi kuzikisia.

Na muda ukibaki, usirudie njia ile ile kwa kukagua, maana utarudia na kosa lake. Kagua kwa njia nyingine, kwa pembe moja tu. Ukipata DAQ = 60° mzingoni, chora OA, OB na OD, uanze upya na namba za swali. PAB inakupa AOB = 76°, na BCD inakupa 196° upande wa A, kwa hiyo AOD ni 120°, OAD ni 30°, na DAQ ni 90° − 30° = 60°.